Sentensi 61 kwa 61, na bado jedwali limekosewa

Mwaka huu niliombwa kuoanisha kijitabu cha kuwafundisha akina mama wa Kibirizi na Katonga namna ya kukausha dagaa kwenye vichanja. Kilikuwa kimeandikwa kwa Kiingereza, kisha kikatafsiriwa kwa Kiswahili na mtu nisiyemfahamu. Aliyenipa kazi alitaka jedwali la safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, kila mstari ukibeba sentensi moja na tafsiri yake, ili vijitabu vitakavyofuata vitafsiriwe kwa maneno yaleyale. Ninaishi Mwanga, hapa mjini Kigoma, na kazi za namna hii nimezifanya mara nyingi kiasi cha kudhani kwamba kurasa chache za dagaa zisingenisumbua.

Hatua ya kwanza ni kuikata kila matini ili kila sentensi ikae katika mstari wake. Mimi hutumia LibreOffice Writer: hufungua dirisha la Find and Replace, huweka alama kwenye Regular expressions na Match case, kisha huandika hivi, mstari wa kwanza katika Find na wa pili katika Replace:

```
([.?!]) +([A-Z])
$1\n$2
```

Maana yake ni kwamba kila penye nukta, alama ya kuuliza au ya mshangao, ikifuatwa na nafasi na herufi kubwa, mstari ukatwe hapo. Usipoweka alama ya Match case, herufi ndogo nazo huhesabiwa kuwa kubwa. Hata ukiiweka, "Dkt." na "Bi." zitakatwa na jina la mtu litaachwa peke yake mstari wa chini, kwa hiyo pitia kwa macho na uyarudishe majina hayo kwa wenyewe. Baada ya hapo nakili kila upande na uubandike kwenye safu yake katika Calc. Dirisha la Text Import likijitokeza, hakikisha Comma haikuwekewa alama, la sivyo kila penye mkato sentensi itapasuliwa na kutawanywa kwenye safu za pembeni.

Nilipomaliza nilipata sentensi 61 za Kiingereza na 61 za Kiswahili. Nilishuka hadi mstari wa mwisho, nikakuta pande zote mbili zinazungumzia kuhifadhi magunia mahali pakavu. Binti wa kaka yangu, ambaye namfundisha kazi hii, akaniambia, "Shangazi, si tumemaliza? Idadi ni ileile, na mwisho umekutana." Kusema kweli, nami nilikaribia kukubali.

Kilichotuokoa ni safu ya tatu, ambayo huiweka kwa muda tu. Katika kisanduku C1 huandika fomula ifuatayo na kuiburuta hadi chini:

```
=LEN(B1)/LEN(A1)
```

Inagawanya idadi ya herufi za Kiswahili kwa idadi ya herufi za Kiingereza. Sentensi ndefu kwa kawaida hutafsiriwa kwa sentensi ndefu, na fupi kwa fupi. Ni juu ya wazo hilohilo ambapo William Gale na Kenneth Church walijenga njia yao ya kuoanisha kwa kompyuta, waliyoichapisha mwaka 1993. Kwa matini ninazozishika mimi, jibu huwa kati ya 0.8 na 1.3. Hapa, mstari wa 23 ulitoa 0.52, yaani herufi 74 kwa 142, na wa 24 ukatoa 1.87, yaani 71 kwa 38. Mstari mmoja umepungukiwa na unaoufuata umezidiwa: ukiona hivyo, karibu kila mara mfasiri ameikata sentensi moja kuwa mbili. Ndivyo ilivyokuwa. Kiingereza kilikuwa kimeweka kuosha dagaa na kuwatandaza katika sentensi moja, na mfasiri, kwa busara nzuri tu, akaitenganisha.

Kuanzia hapo kila sentensi ya Kiswahili ilikuwa imeshuka mstari mmoja chini ya mwenzake. Mstari wa 30 ulikuwa na "kilo 10" upande wa Kiingereza, lakini kilo hizo kwa Kiswahili zilikuwa mstari wa 31. Hali hiyo iliendelea hadi Kiingereza cha 38 na 39, ambazo mfasiri aliziunganisha kuwa sentensi moja. Muunganiko huo ulifidia mgawanyo wa kule juu, mistari ikarudi sawa kuanzia wa 40, na ndiyo sababu mwisho ulikutana na idadi ikalingana. Katikati ilibaki mistari 15, kutoka 24 hadi 38, ambayo kila mmoja ulikuwa na tafsiri ya sentensi nyingine.

Kati ya mistari hiyo 15, sita ilikuwa na uwiano usiotia shaka hata kidogo, kwa sababu tu sentensi jirani zilikuwa na urefu unaokaribiana. Fomula hukuonyesha pa kuanzia kutazama, lakini haikuthibitishii kwamba mstari ni sahihi. Uthibitisho hutoka kwenye vitu visivyobadilika katika tafsiri: majina ya mahali, vipimo, vichwa vya habari. Saa usiitegemee. Kijitabu kilisema kwa Kiingereza saa 7 za asubuhi, na kwa Kiswahili saa 1 asubuhi. Namba zinatofautiana kwa sita na mstari uko sahihi kabisa. Nimewahi kuona mtu "akiisahihisha" ile 1 kuwa 7, na msomaji akaambiwa aanike dagaa mchana.

Marekebisho hufanywa kutoka juu kwenda chini, kwa kuwa kosa la juu huvuruga yote yaliyo chini yake. Nilichukua maneno ya B24, nikayaunganisha na ya B23 kwa nafasi moja katikati, na uwiano ukawa 1.03. Kisha nikafuta kisanduku B24 peke yake kwa kuchagua Delete Cells na Shift cells up. Hapa ndipo wengi huharibu: hufuta mstari mzima, na sentensi ya Kiingereza iliyokuwa pembeni inakwenda nayo. Nilifanya vivyo hivyo upande wa pili, nikaunganisha A38 na A39. Jedwali likabaki na mistari 60, na hiyo ndiyo idadi yake halali.

Mfasiri akiwa amezipindua sentensi mbili, ya pili ikatangulia ya kwanza, mimi huziweka zote mbili katika mstari mmoja kila upande badala ya kuzihamisha, kwa maana maneno kama "kisha" na "hao" hupoteza yanachokirejelea. Sentensi isiyo na tafsiri huachiwa kisanduku kitupu kwa Insert Cells na Shift cells down. Usijitungie tafsiri ya kukijaza bila kumwambia mwenye kazi.

Mwishoni nilifuta safu ya C na kuhifadhi kama Text CSV, nikaweka alama kwenye Edit filter settings, nikachagua Unicode (UTF-8) na kitenganishi cha Tab, kwa kuwa sentensi zimejaa mikato. Binti wa kaka yangu alilifungua faili upya katika Calc na kwenda moja kwa moja mstari wa 30, ambako sentensi ya Kiswahili iliyokuwa ya 31 sasa imehamia, akatafuta "kilo 10". Zilikuwepo pande zote mbili.