Kabla hujaonana na mwenzio Forodhani

"Mama, yule mwenzangu wa Limbani karudi kutoka Maskati na Jumamosi tunaonana Forodhani. Tangu tumalize skuli hatujaonana. Nimwambie nini cha mwanzo ili tusisimame tunatazamana kama watu wasiojuana?"

Mwanangu,

Hapa Wete sote hatujambo. Bibi yako mguu wake ndiyo ule ule, na khaloo yako anakusalimia sana.

Cha mwanzo cha kusema unacho tangu ulipoanza kusema, hicho hakinishughulishi. Kinachonishughulisha ni haraka yako. Tangu mdogo wewe hodi yako na mguu wako huingia nyumba ya watu pamoja. Na salamu haiharakishwi. Nimekwambia wewe, nimemwambia dada yako, na nitasema mpaka mchoke.

Nyinyi siku hizi mkikutana ni "Mambo?" "Poa", basi, imekwisha. Halafu mnabaki mmesimama, kila mmoja anatafuta kichwani la kusema, na hapo ndipo mnapoanza kutazamana. Salamu zetu ni ndefu kwa sababu. Hujambo, sijambo, umeamkaje, nimeamka salama, nyumbani, wazima, watoto, hawajambo, na hizo safari, tumezoea. Hakuna hata moja hapo inayotaka kufikiriwa, na mikono haijaachana bado. Muda wote huo unamtazama mwenzio. Unasikia sauti imekuwa nzito, unaona macho yamechoka au yanacheka, unaona kama anavuta mkono wake au ameuwacha kwako. Ukifika mwisho wa salamu unajua umekutana na mtu gani, na yeye keshakujua.

Lakini jua kuwa mzunguko wa kwanza hauna khabari ndani yake. Mtu atakujibu njema hata kama nyumba yake imeungua jana. Anayoyajibu hapo ni adabu, wala usimwone mwongo. Khabari zenyewe huja mkishakaa, mmoja akasema, "Enhe, niambie." Ukimuuliza mtu ya moyoni naye amesimama, watu wanapita na sahani za pweza, atakujibu kwa neno moja na utadhani amebadilika.

Unaikumbuka arusi ya Chake, ile niliyotoka mara ya kwanza baada ya edda? Ulikuwa Unguja, lakini dada yako alikuwapo na amekusimulia, najua, na najua amekusimulia vibaya. Ngoja nikueleze mimi.

Nilikuwa nimemaliza miezi yangu minne na siku kumi, na khaloo yako akanishika mkono akasema twende, huwezi kukaa ndani milele. Nimeketi na wanawake wenzangu, akaingia somo yangu. Yule yule, tuliyekuwa naye kwenye mikarafuu ya Mtambwe tangu hatujavaa buibui, akaolewa akapelekwa Uarabuni, na barua zikawa chache, kisha hazikuwapo. Nilimjua kabla hajavua viatu. Mwendo wake ni ule ule, anatupa mguu wa kushoto.

Akaja moja kwa moja mbele yangu, akasimama, akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Haya, nikumbushe, mimi nani?"

Mwanangu, ukumbi mzima ukanigeukia. Nilikuwa na jina lake mdomoni, ndilo langu mwenyewe, na sikulitoa. Kwa nini nilitoe? Mimi si mwanafunzi wake. Mtu unamtamani miaka yote ile, anakuja, na cha kwanza anakupa mtihani mbele ya watu. Ukishinda hupati kitu, ukishindwa umeaibika. Najua alikusudia mzaha, na mtu aliyeondoka muda mrefu huogopa kwamba amesahauliwa, basi huuliza yeye kabla hajaumizwa. Hayo nayaelewa. Bado siyapendi. Kama una khofu hiyo, jitaje mwenyewe: "Ni mimi, mwenzio wa fulani, tuliokuwa tukikaa dawati moja." Umemwondolea mzigo, na kama kweli amesahau hakuna aliyejua.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja wa Vitongoji aliyekaa pembeni. Akasema, "Amkianeni kwanza, mengine baadaye." Basi tukaanza. Hujambo somo, sijambo somo. Na mkono wake nikaushika, na wallahi hasira ilikuwa inapungua, nikaona anatetemeka kidogo. Tukaenda vizuri, nyumbani, watoto, mpaka akasema, "Na mzee hajambo?"

Mzee wangu. Baba yako.

Wanawake wote waliotuzunguka walikuwa wamekuja kunipa mkono wa taazia, wengine walikuwa wamelala kwangu hitma ikisomwa, na yeye ananiuliza mzee hajambo. Nikasema, "Alitutangulia." Akaachia mkoba wake ukaanguka chini, akanikumbatia, na arusi ya watu ikageuka matanga kwa muda. Mama wa bibi arusi sijui alituonaje.

Hapa kila siku najibishana na nafsi yangu. Nasema angejuaje, yuko mbali, ndiyo kwanza ameshuka. Halafu nasema, lakini alifikia Machomane kwa kaka yake, na kaka yake alikuja mazikoni, na mkewe alikuja. Swali moja asubuhi ile, anavaa, kabla ya kutoka: "Nitamkuta fulani, ana khabari gani?" Moja tu. Angefika ukumbini akijua, na cha kwanza kingekuwa pole. Msiba haupitwi na wakati. Hata ukimkuta mtu miaka mingi baadaye na hukumpa pole, pole hutangulia, ndipo "hujambo" ifuate.

Kwa hivyo kabla ya Jumamosi mpigie shangazi yako, yeye anapajua nyumbani kwao Limbani. Muulize wazazi wake wote wapo, yeye mwenyewe bado yuko na mumewe, na watoto je. Usiulize kwa umbea. Uliza ili ujue ni nani wa kumtaja na nani wa kutomtaja. Na hata ukishaambiwa, usianze kwa kutaja mtu mmoja mmoja. Uliza kwa upana: "Nyumbani wote?" Halafu sikiliza anavyojibu. Akikwambia "wote wazima" upesi, endelea, mtaje mama, mtaje kaka, hapana neno. Akivuta, akasema "Tunamshukuru Mungu" na neno wazima halimo, simama hapo hapo. Usimtaje yeyote. Kuna mtu amepungua katika hesabu hiyo, au kuna ndoa imevunjika, au mtoto anaumwa, na atakwambia mwenyewe mkikaa. Somo yangu angeniuliza hivyo ningemjibu "tunashukuru", naye angejua.

Na hili nusura nilisahau. Usimwambie "umepotea". Najua sote tunalisema, na mimi nikiambiwa na jirani hufurahi, maana yake ni kwamba ameniona sipo. Lakini linategemea nani anamwambia nani. Aliyebaki akimwambia aliyeondoka ni lawama, hata akicheka. Aliyeondoka akimwambia aliyebaki ni ujeuri. Mimi nimepotea wapi, na nyumba yangu ni ile ile na mlango ule ule? Sasa kwenu nyinyi wawili ni vigumu zaidi, yeye aliondoka Pemba na wewe pia uliondoka. Nani amempotea mwenzie? Liache. Na hayo ya nani aliacha kujibu mwanzo, hayo sitii mdomo wangu. Ninayo maoni. Barua zilikuwa zikija hapa kwangu, na mimi nilikuwa nikiziweka mezani. Lakini sisemi.

Sasa usidhani arusi ile iliishia vibaya. Baada ya chakula tulitoka uani, tukapata mkeka, tukakaa. Kimya. Mimi sina la kusema, yeye hana. Maskati siijui, na yeye maisha yangu ya miaka ile hayajui, tungeulizana nini, bei ya unga? Mara akanigeukia, uso umekunjamana kwa hasira, akasema: "Ile pishi yangu ya karafuu uliipeleka wapi?"

Wewe hujachuma karafuu kwa kulipwa, kwa hiyo nikueleze. Mchumaji hulipwa kwa pishi alizochuma. Jioni mnakaa jamvini mnachambua, karafuu huku, makonyo kule, kisha zinapimwa, kila mtu na zake. Siku moja kizani mafungu yetu yalichanganyika, na somo akashikilia kwamba pishi yake moja imeingia kwangu. Tuligombana kutoka Mtambwe mpaka nyumbani. Sikuichukua, na sitakubali mpaka nife kwamba niliichukua. Ni yeye aliyekuwa akipima kwa kujaza mpaka juu na kusema ni sawa. Basi tukagombana upya pale pale uani. Anasema, nasema, anaapa, naapa. Watu wakachungulia wakidhani tunatukanana. Nilicheka siku ile kwa mara ya kwanza tangu baba yako.

Hapo ndipo tulipoonana kweli. Angeniuliza "maisha yanaendaje" tungekuwa bado tumekaa. Swali lile kubwa halishikiki. Mtu aeleze miaka yake yote kwa mpigo, aanzie wapi? Kitu kidogo mlichokiacha katikati ndicho kinachofungua. Wewe na mwenzio kipo, nakijua mimi, ni ile baiskeli ya kaka yake na ule mfereji. Mdai. Au akudai yeye. Lakini baada ya salamu, mwanangu, si kabla. Somo alianza na mzaha tukiwa tumesimama ukanichoma. Akarudia mzaha tumekaa, tumeshaliana, ukaniponya. Mtu ni yule yule na ulimi ule ule.

Umkumbatie au umpe mkono tu, hilo litazame mwenyewe. Mimi ningempa mkono kwanza na kuona kama anausogeza karibu. Lakini nyie mna mambo yenu.

Na Forodhani, kwa nini Forodhani? Saa zile za magharibi pana moshi, wauzaji wanakuita huku na kule, na hamtasikizana. Kutaneni alasiri, mkae kwenye ukuta upande wa bahari, msalimiane mpaka mmalize, ndipo mwende kwenye urojo. Akija na mama yake, mwamkie mama kwanza, shikamoo kwa mikono miwili, na mwenzio asubiri. Asipofahamu hivyo basi Maskati imemharibu.

Halua nimemwagiza kijana wa Wete, atapanda boti ya Ijumaa. Vikopo viwili, kimoja chako na kimoja cha kwao. Usikifungue cha kwao. Na mpigie shangazi yako leo usiku, Alkhamisi hupatikana kwa taabu.

Mama yako