Barua za marafiki wa kalamu: darasa lako likiandikiana na darasa la mji mwingine

Walimu wapya mnaotaka kuanza hii kitu, barua ya kwanza isiwape presha kabisa, ile huwa inaenda yenyewe maana watoto wana hamu. Shida iko barua ya pili, hapo ndo madarasa mengi yanakwama, na ukichunguza utakuta barua ya kwanza haikumpa mwenzake kitu cha kujibu.

Chukua mfano huu, kila mwalimu ameshauona: "Hujambo? Mimi sijambo. Napenda mpira. Je, wewe unapenda nini?" Jibu linarudi "Na mimi napenda mpira" basi, imeisha hiyo. Sasa kabla mtoto hajanakili nakala ya mwisho mkalishe umuulize maswali ya kawaida tu, unacheza namba ngapi, mechi ya mwisho ilikuaje. Barua ikitoka tena inakuwa hivi: "Nacheza beki. Juzi tulifungwa kwa penati na mimi ndiye niliyeunawa mpira. Ungekuwa wewe ndo kipa ungeruka upande gani?" Hapo huyo wa upande wa pili ana la kusema, na usishangae akiuliza kwani ulinawa makusudi. Mtoto aliyekuwa anakuandikia mistari minne utamuona anajaza ukurasa kujitetea, na wala hujamwambia andika aya tatu. Ndo maana mimi sheria yangu ni moja tu kwenye barua, iwe na tukio moja lililotokea kweli na swali moja ambalo haliwezi kujibiwa kwa ndiyo au hapana.

Alafu kuna kusahihisha. Kalamu nyekundu ibaki kwenye rasimu, kwenye daftari, barua yenyewe usiiguse. Na hata kwenye rasimu usifukuzie kila kosa, shughulika na yale yatakayomfanya msomaji akwame. Mtoto kaandika "mbwa alimkimbiza mwizi akaanguka", wewe darasani unaelewa sababu umeshasikia hiyo stori, yule wa mji mwingine anarudisha swali: nani alianguka, mbwa au mwizi? Ukimwambia mtoto sentensi haieleweki anakuona unamsumbua tu, ila akiulizwa na rafiki yake anaona kabisa kwamba kilichokuwa kichwani hakikufika kwenye karatasi, na safari ijayo anaandika "mwizi akaanguka" bila kukumbushwa. Maswali ya namna hii yakija yaandike ubaoni (usitaje ni ya nani), somo la siku hiyo umeshalipata.

Kabla ya yote lakini ongea na mwalimu mwenzako mlinganishe ratiba, likizo na mitihani, maana barua ikikaa zaidi ya wiki tatu bila jibu watoto wanapoa na wengine hata wamesahau waliandika nini. Kwa hilo la kusahau piga picha au fotokopi kila barua kabla haijaondoka, la sivyo mtoto anapokea "ndiyo, mara mbili" na hajui aliuliza nini. Barua zote ziende kwenye bahasha moja kubwa kwa anwani ya shule, ndani majina ya kwanza tu, namba za simu na mahali mtoto anapoishi hapana, na wewe uzisome zote kabla hazijatoka na zikiingia pia. Watoto waambie mapema kwamba mwalimu anasoma, wasije wakahisi wamechunguliwa.

Idadi karibu kila mara hazilingani. Kwenu 42, kwao 35, hao saba wa ziada usiwaache wasubiri huruma, omba mapema watoto saba wa kule wanaopenda kuandika wachukue marafiki wawili wawili. Kuunganisha wawili kwenye barua moja nilijaribu nikaacha, mmoja anaandika mwingine anaangalia dirishani. Na siku bahasha inafunguliwa kuna mtoto atakosa barua, rafiki yake aliumwa au kahama. Kubalianeni na mwenzako awe anahesabu kabla ya kutuma, anayekosa aandikiwe hata kibarua kifupi na mwalimu wa kule mwenyewe, akijibu kitu halisi alichosoma kwenye barua ya huyo mtoto. Ukigawa barua mbele ya wenzake na yeye mikono mitupu, raundi inayofuata hakuandikii kitu cha maana.

Mizunguko mitatu au minne kwa mwaka inatosha sana, na ile ya mwisho waambie wazi kabisa ni ya mwisho, waage, wasiulize maswali mapya ambayo hakuna atakayeyajibu.