Mkora anatoza watu hela za kazi kwa jina lako: maswali na majibu

Kuna akaunti ya Facebook yenye jina langu, picha yangu na cheo changu kazini. Inaahidi watu kazi, kisha inawaitisha 1,500 za vipimo vya hospitali. Jana mama mmoja alifika mapokezi na ujumbe wa M-Pesa mkononi akidai amekuja kuanza kazi. Nianzie wapi?
*Afisa wa rasilimali watu, Upper Hill*

Usiibloki kwanza. Ukiibloki, hutaiona tena kutoka kwenye akaunti yako, na hivyo hutaweza kuiripoti wala kuchukua ushahidi. Usimwandikie mwenyewe pia. Akijua umemgundua atabadilisha jina na picha kwa dakika mbili, nawe utabaki ukiripoti akaunti isiyofanana na wewe hata kidogo.

Ushahidi ndio wa kwanza. Fungua akaunti hiyo kwenye kompyuta na unakili linki nzima. Mara nyingi huwa hivi:

```
facebook.com/profile.php?id=1000XXXXXXXXXXX
```

Jina linaloonekana juu ya ukurasa hubadilishwa wakati wowote, lakini nambari hiyo ndefu hubaki ile ile, kwa hivyo hiyo ndiyo anwani halisi ya mkora wako. Kisha piga skrinshoti za ukurasa wa mbele, matangazo ya kazi na maoni ya watu chini yake, saa na tarehe zikionekana. Ikiwezekana rekodi skrini tangu unapofungua Facebook hadi unapofika kwenye linki, kwa sababu skrinshoti moja moja ni rahisi kubishiwa baadaye.

Yule mama ni muhimu kuliko unavyodhani, kwa hivyo usimfukuze. Mwombe akuonyeshe mazungumzo yote, pamoja na ujumbe wenyewe wa M-Pesa ulio na msimbo wa herufi na tarakimu 10, nambari iliyopokea na jina lililotokea. Asifute chochote. Na apigie Safaricom simu saa hiyo hiyo, maana pesa ikishatolewa kwa wakala, nafasi ya kuirudisha ni ndogo mno.

Sasa ripoti: gusa nukta tatu kwenye akaunti hiyo, chagua "Report profile", nenda kwenye sehemu ya akaunti bandia, kisha mahali pa kusema inajifanya mtu mwingine, na mtu huyo uchague "Me". Maneno ya menyu hubadilikabadilika, lakini "Me" usiikose. Kama alichofungua ni ukurasa wa biashara, tazama kwanza sehemu ya "Page transparency". Itakuonyesha ulifunguliwa lini na majina uliyowahi kutumia. Ukurasa uliokuwa wa kuuza viatu mwaka jana na leo una cheo chako, hilo peke yake ni ushahidi. Piga skrinshoti.

Niliripoti, nikaomba marafiki karibu arobaini nao waripoti. Jibu likaja kwamba akaunti haijavunja kanuni. Mbona?
*Mhasibu, Westlands*

Wingi wa ripoti hauna uzito mnaodhani unao. Ripoti moja iliyojazwa sawasawa inazishinda arobaini zilizoandikwa "spam". Rafiki anayeripoti anapaswa kuchagua "A friend" na kukutaja wewe kwenye orodha, ili akaunti mbili ziwekwe kando kwa kando: yako na ile nakala.

Na hapo ndipo penye shida ya pili, ambayo watu hawapendi kuambiwa. Kama akaunti yako halisi ina jina la utani na picha ya maua, halafu mkora ana jina lako kamili na uso wako, basi kwa mtazamaji asiyekujua yeye ndiye wa kweli. Weka jina lako la kitambulisho na picha ya uso, halafu uombe jibu lile lipitiwe upya.

Ukikataliwa tena, kwenye kituo cha msaada cha Facebook na Instagram kuna fomu ya kuripoti mtu anayejifanya wewe, na inakubali hata wasio na akaunti. Utaombwa picha ya kitambulisho. Funika nambari ya kitambulisho, lakini jina, uso na tarehe ya kuzaliwa visomeke. Piga mchana karibu na dirisha, bila flashi, kwa sababu mng'ao wa taa ukiangukia jina, fomu inarudi.

Kuna mlango mwingine: kama picha iliyoibwa uliipiga mwenyewe, unaweza kudai hakimiliki. Njia hii husonga haraka, ila jina na imeili unayoandika hapo huweza kupelekwa kwa unayemshtaki. Tumia imeili usiyoitumia kwa benki wala kazini.

Kwenye LinkedIn nimepata mtu mwenye jina langu, kampuni yangu, hata maneno ya wasifu wangu. Nitathibitishaje ni nakala?

Fungua "About this profile" kwenye akaunti hiyo. Hapo utaona mwezi na mwaka alipojiunga, na lini picha ilibadilishwa. Anayedai uzoefu wa miaka kumi na miwili lakini alijiunga mwezi uliopita amejishtaki. Instagram ina sehemu kama hiyo, "About this account". Kisha, kwenye akaunti hiyo ya LinkedIn, gusa "More", halafu "Report / Block", ueleze kuwa anajifanya wewe.

Ila ukikuta ni mtu mwingine tu aliyepewa jina kama lako na wazazi wake, hana kosa. Wakamau na Waotieno ni wengi Nairobi.

Nambari nisiyoijua inatumia picha yangu kwenye WhatsApp na kuwaomba wateja wangu pesa.

Ni wale waliotumiwa ujumbe wanaopaswa kuripoti, kwa sababu WhatsApp hupokea jumbe tano za mwisho za mazungumzo yanayoripotiwa, na wewe huna mazungumzo naye. Mteja afungue gumzo, aguse jina, achague "Report", lakini apige skrinshoti kwanza. Wewe nenda kwenye mipangilio ya faragha, ufanye picha yako ionekane na walio kwenye simu yako tu.

Je, polisi watanisaidia kweli, ama ni kupoteza siku?
*Upper Hill, tena*

Nenda, na nenda mapema, kabla Facebook haijaiondoa akaunti ikiwezekana. Polisi wanaweza kuiomba Meta ihifadhi kumbukumbu za akaunti kwa siku 90 huku wakitafuta amri rasmi. Wewe huwezi kuomba hilo. Akaunti ikishafutika bila ombi hilo, pamoja nayo huenda zikatoweka nambari ya simu iliyoifungua na mahali ilipoingiliwa. Usichelewe kuiripoti Facebook kwa wiki nzima kwa ajili ya hili, kwa sababu watu wanaendelea kulia. Asubuhi kituoni, mchana ripoti.

Kituo chochote kitakuandikia OB. Kwako Capitol Hill ndicho kilicho karibu. Usitoke bila nambari ya OB, maana benki, mwajiri na DCI wote wataiuliza. Kutoka hapo kesi ya mtandao inaweza kupelekwa DCI, makao makuu Kiambu Road. Habari pia hupokelewa bila malipo kwa 0800 722 203.

Sheria ya kutaja ni ile ya matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandao ya 2018, kifungu cha 29: anayetumia utambulisho wa mtu mwingine kwa hila anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Neno la kushika hapo ni hila. Akaunti ya mzaha isiyomdanganya mtu ni vigumu kuishtaki. Yako inachukua pesa, kwa hivyo hakuna mjadala.

Jambo linalokwamisha kesi nyingi ni hili: mna malalamiko mawili. Wewe umeibiwa jina, yule mama ameibiwa 1,500. Asipoandikisha lake, polisi hawana mtu wa kufuatilia ile nambari ya M-Pesa, na wewe huwezi kulilia pesa isiyo yako. Nendeni pamoja.

Chuo kimoja Thika Road kimeweka picha yangu kwenye bango la Facebook kana kwamba mimi ni mkufunzi wao. Sijawahi kukanyaga huko.

Hii ni tofauti, kwa sababu mkosaji anajulikana. Waandikie kwanza, uwape siku chache waiondoe. Wakikaa kimya, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ODPC, chini ya sheria ya 2019. Ofisi hiyo ina siku 90 za kuchunguza. Mwaka 2023 ilikitoza kilabu kimoja cha Ngong Road shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake, kwa hivyo si tishio tupu. Dhidi ya mkora asiyejulikana njia hii haina meno.

Nitawaambiaje wateja na mwajiri bila kuonekana ni mimi nimefanya kosa?

Mwajiri asisikie kutoka mapokezi. Mwandikie siku hiyo hiyo: linki, skrinshoti mbili, nambari ya OB, na ombi moja, kwamba kampuni itoe tangazo kwenye kurasa zake. Tangazo la kampuni lina nguvu kuliko lako, kwa sababu mkora naye anaweza kuandika "jihadharini na akaunti bandia", na huandika. Kama umesajiliwa na IHRM, au mhasibu na ICPAK, wajulishe pia ili mtu akipiga kuuliza wawe na jibu.

Lako liwe fupi. Kwa mfano:

"Kuna akaunti inayotumia jina na picha yangu kuahidi kazi. Si yangu. Sitozi ada ya kazi, usaili wala vipimo, na sitafuti waombaji kazi kupitia Facebook. Akaunti yangu ni hii moja. Nimeripoti polisi. Ukishatuma pesa, hifadhi ujumbe wa M-Pesa na uende kituo kilicho karibu nawe."

Usiweke linki ya mkora, utampelekea wateja. Usitangaze pia jina lililotokea kwenye M-Pesa kama jina la mwizi. Laini nyingi za aina hiyo zimesajiliwa kwa vitambulisho vya watu wasiojua lolote, na huyo naye anaweza kukushtaki wewe kwa kumchafulia jina.

Akaunti ikishaondolewa huku Google bado inaonyesha kichwa chake cha habari, tumia fomu ya "Refresh Outdated Content". Inafanya kazi tu kama ukurasa wenyewe umeshatoweka au umeshabadilishwa.

Jamaa wa Telegram anasema kwa 5,000 ataiangusha akaunti hiyo leo usiku.

Atakuitisha kitambulisho chako, picha ya uso na msimbo utakaoingia kwenye simu yako. Huo msimbo ni wa kufungulia akaunti yako halisi.