Kutafuta kwa kugawa nusu: neno lipo, programu inasema halipo

“Wakuu, kamusi ya maneno 30,000, kweli hatua 15 zinatosha? Na mbona programu yangu haioni ‘chumvi’ wakati lipo?”

Zinatosha, ndugu. Ukilinganisha na neno la katikati, mpangilio wa alfabeti unakuambia neno lako liko upande gani, hivyo nusu nzima unaitupa bila kuisoma. 30,000 zinabaki 15,000, kisha 7,500, na ulinganisho wa 15 unakuta limebaki neno moja tu.

Kuhusu “chumvi”, nadhani shida ni herufi kubwa. Chukua orodha hii: bahari, chumvi, daftari, Kenya, mlima, ndoo, samaki. Katikati ni “Kenya”. Kwa macho yetu “chumvi” iko kushoto. Lakini kompyuta inalinganisha namba za herufi: K ni 75, c ni 99. Inaona “chumvi” inakuja baada ya “Kenya”, inatupa upande wa kushoto, na neno limeenda nao. Neno “samaki” ingelipata vizuri tu, ndiyo maana kosa hili hujificha.

Geuza maneno yote yawe herufi ndogo, upange upya, na neno unalotafuta uligeuze vilevile:

```python
maneno = sorted(m.lower() for m in maneno)
```