Mpini wa kisu ukianza kucheza, weka nyundo chini

Wiki iliyopita dada mmoja anayepika shuleni huko Koboko aliniandikia: "Dada, kisu changu kikubwa kinacheza mpini. Ribiti zimelegea. Fundi anasema tuzigonge zikaze. Nimpe?" Nilimjibu kabla sijamaliza kusoma: usimpe! Jibu hilo mimi nililipata kwa gharama, na bado linaniuma.

Kisu changu nilipewa na mama nilipoanza kupika harusi hapa Arua. Kina urefu wa sentimita 20, mpini wa mbao, ribiti tatu. Sisi tunaopika kwa ajili ya watu mia mbili au tatu tunajua kisu ulichokizoea ni kitu gani: kabichi unaikata huku unaongea na watu, mkono wenyewe unajua. Miaka miwili iliyopita kikaanza kucheza. Nilikuwa nikikibana kwa nguvu, maji machafu yanatoka kwenye ufa kati ya mbao na chuma. Kwanza nikajaribu supagluu. Ilishika wiki mbili ikakatika, kwa sababu gundi ile ikikauka inakuwa ngumu kama kioo, haijazi nafasi, na maji ya moto haiyapendi. Ndipo nikakipeleka kwa fundi mmoja sokoni. Alikilaza juu ya reli, akapiga ribiti ya katikati mara nne. Mara ya nne mbao ikapasuka kuanzia kwenye ribiti hadi mwisho wa mpini. Akaniambia, "Mama, nunua kingine." Nililia njiani, sioni haya kusema.

Nilipokifungua mwenyewe ndipo nikaelewa. Msuka, yaani chuma kinachotoka kwenye bapa na kupita katikati ya mpini, ulikuwa umefunikwa na kutu nene. Maji yalikuwa yakiingia kila nilipokiloweka, mbao inavimba, inakauka, inasinyaa, na kutu inazidi kujaa na kuisukuma mbao mbali na chuma. Ribiti haikuwa na kosa. Ukiigonga hapo, kichwa chake kinazama ndani ya mbao na kuipasua, na uchafu unabaki palepale. Kwa hiyo dada yangu, kazi ni kufungua, kusafisha na kufunga upya. Njia nyingine unajidanganya.

Kabla ya lolote, funga makali kwa kadibodi na selotepu nyingi. Andika kwa penseli upande wa kulia na wa kushoto nje ya vipande viwili vya mbao, maana havilingani. Kisha toboa kichwa cha ribiti upande mmoja kwa drili, biti ikiwa nene kidogo kuliko mwili wa ribiti, hadi kichwa kitoke kama pete. Huna drili? Tupa inafanya kazi ileile, ila utachoka. Baada ya hapo sukuma ribiti itoke upande wa pili kwa msumari uliokatwa ncha, kisu kikiwa juu ya kipande cha mbao chenye tundu. Msuka wenyewe usiutoboe. Chuma cha kisu kimepikwa kikawa kigumu, biti ya kawaida inateleza na kuungua. Tumia matundu yaliyopo.

Mbao zangu nilizitupa, nikachonga mpya kutoka kwenye kipande cha mvule mkavu alichoniachia seremala. Zako kama hazijapasuka wala kuoza, zisugue ndani na uziache kivulini siku tatu. Usizianike juani, zitapinda.

Sasa nisikilize vizuri. Gundi haishiki kutu. Nilisugua msuka kwa msasa mkali wa namba 80 mpaka chuma kikang'aa chote, kisha nikauchana mistari ya kukatana ili gundi ya epoksi ipate pa kushika. Nikaupangusa kwa asetoni, kitambaa kikatoka cheusi. Nikarudia mpaka kikatoka cheupe. Ukishafika hapo usiuguse tena kwa kidole. Mafuta ya ngozi yanatosha kuharibu kazi ya siku nzima, na mikono yetu sisi wapishi haikosi mafuta.

Pini za kuchukua nafasi ya ribiti nilizikata kutoka kwenye fimbo ya shaba ya manjano, unene wake karibu milimita 5, sawa na matundu yangu. Pini nzuri inaingia kwa kusukumwa na kidole. Ikihitaji nyundo ni nene mno. Kata kila moja izidi unene wa mpini kwa milimita 2 kila upande, uikwaruze kwa msasa. Ukitumia mbao za zamani utakuta jambo linalowashangaza wengi: tundu la nje ni pana kuliko pini, kwa sababu kichwa cha ribiti kilikuwa kimelala humo. Jaza pete hiyo kwa epoksi iliyochanganywa na unga laini wa mbao ileile. Ukiiacha wazi, maji yatarudi kwa mlango huo.

Epoksi ni ile ya mirija miwili, mmoja gundi na mmoja kigandishi, na nunua inayokauka polepole. Ya dakika tano inakukimbiza, na maji inayavumilia kidogo zaidi ya supagluu, basi. Minya sawa kwa sawa, koroga dakika mbili nzima hadi rangi iwe moja. Ukizidisha kigandishi ukidhani itakauka haraka, itabaki laini kama ubani wa kutafuna. Vaa glavu. Paka msuka, paka mbao, paka ndani ya matundu, kisha ingiza pini huku ukizizungusha. Bana kwa klampu mbili kwa wastani tu, uone gundi ikichuruzika kama uzi pande zote. Ukibana kwa hasira, gundi yote inatoka na chuma kinabaki kikavu. Mara ya kwanza nilifanya hivyo, nikafungua tena yote.

Gundi iliyotoka mbele, pale mpini unapokutana na bapa, ifute palepale kwa kitambaa chenye spiriti. Ikishaganda hapo huwezi kuisugua bila kukwaruza kisu.

Niliacha siku mbili. Kisha nikakata pini zilizozidi, nikagonga kila ncha kwa nyundo ndogo, taratibu, hadi ikatanuka kidogo tu, nikamalizia kwa tupa na msasa. Grainda sikuigusa: pini ya shaba inapeleka joto ndani upesi, na epoksi ya kawaida ikipata joto kali inalegea. Kwa sababu hiyohiyo, acheni kuviacha visu ndani ya sufuria ya maji ya moto mkisubiri kuosha! Osha, pangusa, weka pakavu. Wasaidizi wangu wananiona mkali kwa hilo, na nitaendelea kuwa mkali.

Jumamosi kisu hicho kilikata mbuzi wawili na magunia mawili ya kabichi. Nilikibana mpini baada ya kazi, hakuna tone lililotoka.

Dada wa Koboko, ukishafungua chako, tazama msuka kwenye matundu kabla ya kununua chochote. Kama kutu imeutafuna kuanzia tundu hadi ukingoni, chuma kitakatikia hapo siku moja mkono wako ukiwa juu yake, na gundi haiwezi kuzuia hilo. Kama umebaki mzima pande zote za tundu, nitumie picha na kipimo cha tundu, nikutafutie fimbo huku Arua.