Mizigo mingapi ya makuti? Majibu kwa wasomaji wa Tanga na Pangani

Fundi, shikamoo. Naezeka banda la wageni hapa Kigombe, mita 6 kwa 8. Muuzaji ameniambia mizigo 32, fundi wangu anasema 53. Nani ananidanganya?

Marahaba. Hakuna anayekudanganya, ila muuzaji amepima sakafu na fundi amepima paa. Sakafu yako ni mita za mraba 48. Muuzaji amechukua makuti 13 kwa kila mita ya mraba, akapata 624, akagawa kwa 20 za kila mzigo. Lakini makuti hayalazwi chini. Yanapanda na makombamoyo mpaka kwenye mgongo wa paa, na ule mteremko ni mrefu kuliko unavyoonekana ukisimama uani.

Chukua kamba, ifunge kwenye mgongo, ishushe juu ya kombamoyo mpaka ncha ya upenu, kisha ipime. Nakisia kwamba zile mita 6 ni kutoka upenu hadi upenu, na kwamba mgongo umepanda mita 3 juu ya upenu, maana hapo ndipo hesabu ya fundi wako inapokaa. Kamba itakupa mita 4.24, si 3.

Sasa hesabu safu. Ukiweka fito kila sentimita 12, mita 4.24 zinaingia safu 36. Kuti la viungo lenye mti wa sentimita 75, likipandana na jirani yake sentimita 10, linabaki na 65 za kufanya kazi. Urefu wa paa, mita 8, unataka makuti 13 kwa safu. Mara 36 ni 468, na pande mbili ni 936.

Bado kuna mambo mawili yanayosahauliwa kila siku. Safu ya chini kabisa haina kuti lingine chini yake la kulibeba, kwa hiyo hufungwa maradufu: ongeza 26. Mgongo nao hufunikwa kwa makuti ya kukunjwa, na safu tatu ni 39. Jumla ni 1,001. Ongeza kama 50 kwa yaliyochanika au yaliyosukwa vibaya, utafika 1,050 hivi, yaani mizigo 53. Fundi wako anaijua kazi yake.

Nikitawanya fito kutoka sentimita 12 hadi 15 nitaokoa mizigo mingapi? Na paa litaharibika?

Kwa banda hilohilo la Kigombe safu zinashuka kutoka 36 hadi 29, na makuti ya pande mbili kutoka 936 hadi 754. Umeokoa 182, mizigo 9. Si haba.

Lakini angalia kuti lenyewe kabla ya kufurahi. Ning'iniza moja lililokauka, upime kutoka kwenye mti hadi ncha ya majani. Tuseme ni sentimita 60. Kwa fito za 12, kila sehemu ya paa inafunikwa na makuti matano yaliyolaliana; kwa 15, manne. Hesabu hiyo bado inakupendelea, kwa sababu sentimita 15 za mwisho ni ncha nyembamba zilizoachana, na mvua inapita katikati yake kama kwenye chanuo. Ukiziondoa unabaki na 45: kwa fito za 12 ni karibu makuti manne, kwa 15 ni matatu. La juu kabisa ndilo linaloungua na jua na kuoza kwanza. Likienda, umebaki na mawili.

Kwa majani marefu, 15 inaweza kukubalika kwenye jiko au zizi. Kwa chumba cha kulala usiende huko. Na kama majani yako ni ya sentimita 45 tu, hata 12 ni nyingi, bana hadi 10. Kuligundua paa lililotawanywa mno si kazi: ingia ndani saa sita mchana, acha macho yazoee giza, utazame juu. Ukiona nukta za mwanga, masika itapitia hapohapo.

Paa langu limelala sana na linavuja. Fundi anasema tuling'oe tubane safu hadi sentimita 8. Itasaidia?

Haitasaidia, na nakuomba usitumie pesa yako hivyo. Hili ndilo kosa linaloniuma kuliko yote, kwa sababu linaonekana ni busara.

Kuti halilali juu ya kombamoyo. Linalala juu ya makuti yaliyo chini yake, na yale yanalinyanyua upande wa ncha. Tuseme kila kuti lina unene wa sentimita moja na nusu. Makuti matano yanainua ncha kama sentimita 7, na jani la 60 linapoteza nyuzi 7 hivi za mteremko. Ukibana hadi 8, yanalaliana saba au zaidi, ncha inainuka sentimita 11, na zinapotea nyuzi 11. Paa la nyuzi 25 sasa lina majani yenye mteremko wa nyuzi 14. Maji hayatiririki tena, yanakaa na kunywewa. Weka ubao mnyoofu juu ya majani yenyewe, si juu ya kombamoyo, utaona.

Tazama pia gharama. Kwa upana uleule wa mita 6, paa la nyuzi 25 lina kombamoyo la mita 3.31. Kwa fito za 8 hizo ni safu 42, makuti 1,092 pande zote mbili. Paa la nyuzi 45 kwa fito za 12 linataka 936. Ukiinua mgongo kutoka mita 1.4 hadi 3 utanunua miti mirefu zaidi, lakini makuti yanapungua, na maji yanashuka.

Nyumba yetu Mwambani ina visusi. Hesabu inabadilika?

Kidogo. Kama pande zote nne zina mteremko mmoja, eneo la paa ni lilelile la paa la pande mbili. Visusi vinachukua kile ambacho pande ndefu zimeachia. Kinachoongezeka ni pembeni. Kila safu inapoteza kama nusu kuti kwenye kila pembe, na kwa safu 36 na pembe nne hayo ni makuti 72, mizigo 4. Mgongo umefupika, lakini pembe zenyewe zinataka kufunikwa, kwa hiyo usipunguze ya mgongo.

Nilihesabu vizuri kabisa, nikanunua, na bado makuti yameisha kabla ya mgongo. Nimekosea wapi?

Pima mti wa kuti. Mimi liliwahi kunikuta Tongoni: niliagiza kwa simu, mizigo ikaja na gari usiku, tukaanza kuezeka alfajiri. Upande wa kwanza haujaisha nikaona lundo linashuka upesi mno. Miti ilikuwa ya sentimita 60, si 75. Ukitoa 10 za kupandana zinabaki 50, na paa la mita 8 linataka makuti 16 kwa safu badala ya 13. Kwa safu 36 na pande mbili hayo ni 216 zaidi, karibu mizigo 11, na hakuna aliyeniibia hata kuti moja.

Tangu siku hiyo nafungua mizigo mitatu kutoka sehemu tofauti za lundo kabla gari halijaondoka. Nahesabu makuti, napima miti, napima majani. Mzigo wa ishirini ukiwa na kumi na nane, tunapatana bei upya palepale.