Hela ya kwenye kopo bado sio faida, mwanangu

"Shikamoo mama. Mwezi wa kwanza wa chapati umeisha, nimefungua kopo nimekuta 240,000. Mangi ananidai 18,000 ya unga, na mimi nawadai boda wa kijiweni 12,000. Sasa hii faida niigawe vipi, niongeze unga, niweke akiba au nifanyie mambo ya ndani? Baba watoto anasema tununue godoro."

Marahaba mwanangu. Nimesoma meseji yako mara tatu, nikachukua daftari, maana kabla ya kugawa lazima tujue tunagawa nini, na hapo ndo watu wengi wa biashara ndogo wanapopotea, mtu anaona noti nyingi kwenye kopo anaziita faida kumbe humo ndani kuna hela ya Mangi, kuna mtaji, na kuna jiko litakalopasuka mwezi wa tatu.

Twende kwa bei ulizonitajia siku ile kwenye simu. Kilo tano za unga 10,000, mafuta lita moja 5,500, mkaa 3,000, chumvi na karatasi za kufungia 500. Jumla 19,000 kwa siku. Kilo moja inakutolea chapati 12 kwa hiyo zote ni 60, nne wanakula wajukuu zangu asubuhi, unauza 56 kwa 500 unapata 28,000. Toa ile 19,000, siku imekupa 9,000. Mara siku 26, ni 234,000. Hiyo ndo faida uliyotakiwa kuwa nayo kama kila siku ilienda vizuri.

Sasa tuangalie uliyonayo kweli. Chukua 240,000, toa ya Mangi inabaki 222,000, ongeza ya boda inakuwa 234,000, na hapo nilifurahi nikajua imekaa sawa, halafu nikakumbuka ile 50,000 niliyokutumia uanzie. Hiyo sio faida, ni mtaji, umeikuta tu imekaa humo humo. Ukiitoa unabaki na 184,000. Kwa hiyo kuna 50,000 haipo mwanangu. Inawezekana siku mbili tatu za mvua hazikuuza, lakini sidhani kama ni zote, na wala hakuna aliyeiba. Igawe kwa siku 26 utaona ni kama 1,900 kwa siku, yaani bando kidogo, nauli kidogo, mchicha, dawa ya mafua, vyote vimetoka kwenye kopo bila kuandikwa. Sikulaumu, hela ya watoto lazima itoke. Ila ujue nyumbani wameshapata fungu lao mwezi huu, tena na zile chapati nne kila asubuhi, ambazo unga na mafuta yake kwa mwezi vinafika kama 27,000.

Ya boda usiihesabu mpaka uishike mkononi, kwa hiyo tubaki na 172,000. Halafu toa 500 kwa kila siku uliyopika, ni 13,000, uiite hela ya vyombo. Lile jiko la mkaa udongo wa ndani utapasuka, kikaango kitapinda, na siku hiyo ikifika usiende kukopa wala kugusa mtaji, hela yake iwe imeshakaa mahali. Inabaki 159,000. Hiyo ndo tunayogawa, sio 240,000.

Nianze na nyumbani maana najua ndo panauma. Kuanzia Jumatatu jilipe posho, 2,500 kila siku ya kazi, jioni, baada ya kutenga 19,000 ya kesho na 500 ya vyombo. Ikishatoka hiyo kopo limefungwa, bando litoke humo na mchicha utoke humo. Naiweka juu kidogo ya ile uliyokuwa unachomoa kimya kimya, kwa sababu posho ikiwa ndogo mno utaanza tena kuchomoa na daftari litakuwa linadanganya. Siku ya mvua ukiuza 40 umepata 20,000, ukitenga ya kesho na ya vyombo inabaki 500, basi siku hiyo posho ni hiyo 500, chapati zilizobaki ndo chakula cha jioni na mboga atoe baba watoto. Mtaji wa kesho hauguswi hata kwa siku moja, maana ukikanda kilo nne kesho kwa sababu leo ulikula ya kilo moja, keshokutwa utakanda tatu, na wateja wa asubuhi wakikukosa siku mbili wanazoea kwa mwingine.

Kutoka kwenye ile 159,000 chukua 30,000 uwanunulie watoto viatu vya shule, kitu kinachoonekana, na baba watoto aone kwamba moshi unaoamka nao saa kumi alfajiri unaleta kitu ndani. Godoro lisubiri. Mwambie kwa heshima, mkiwa wawili, sio mbele ya shemeji zako, na umwonyeshe daftari lenyewe.

30,000 nyingine ni ya kodi. Mwenye nyumba wenu anataka ya miezi sita kwa mkupuo, na ulisema nusu yako ni 150,000 na imebaki miezi mitano, kwa hiyo hesabu iko wazi. Nasisitiza hii ya kodi kwa sababu inakuja kwa pamoja, mtu anafanya biashara vizuri miezi mitano halafu mwezi wa sita anatoa mtaji wote anampa mwenye nyumba na kesho yake hana hela ya unga. Unaweza kuiweka kwenye kikoba chenu kama hisa, ila uliza kwanza mnavunja lini. Kama mnavunja baada ya tarehe ya kodi, usiiweke huko.

Sasa akiba. Tenga 57,000, ni siku tatu za kupika, tatu mara 19,000. Kazi yake ni moja tu, kukurudisha barabarani ukianguka. Mtoto akilazwa, au unga ukilowa, au ukiumwa wewe na ile iliyokuwa kwenye mzunguko ikaisha kwa dawa, unachukua hii unaanza tena bila kumpigia mtu magoti. Hii usiipeleke kikoba maana huko utasubiri siku ya kikao, na usiiache ndani ya nyumba. Weka kwenye laini yako ya pili, ile usiyopigia, na ujue kabisa kuitoa kuna makato, ambayo mimi naona yanasaidia kidogo kukuzuia.

Mwanangu hili nalisema kwa machozi yangu mwenyewe. Nilipoanza kukaanga samaki Tanga, wewe ulikuwa bado unatambaa, faida ya miezi miwili ya kwanza nilinunua kabati la vyombo, lenye vioo, majirani walikuja kuliangalia. Wiki tatu baadae kaka yako akashikwa na homa, nikalala naye wodini siku tano, nikatoka sina hata ya mafuta. Nikakopa kwa mtu mmoja mtaani, mkopo wa rejesho la kila siku, hizi mnazoziita sasa kausha damu. Nilikuwa nikiuza samaki jioni, yeye ameshafika amesimama pembeni ya karai anasubiri, hela inatoka kwa mteja inapita mkononi kwangu inaenda kwake. Baada ya mwezi sikuweza tena. Karai likakaa limefunikwa nyuma ya mlango miezi minne, na kabati nikaliuza kwa nusu ya bei. Ningekuwa na hela ya siku tatu tu za samaki pembeni nisingemjua yule mtu, ndo maana nataka hiyo 57,000 itoke kabla hujafikiria kukuza biashara.

Imebaki 42,000. Hii ndo ya kurudisha kwenye biashara, na hapa usikimbilie kuongeza unga wa kukanda. Kwanza badilisha unavyonunua. Saivi unachukua kilo kwa Mangi kwa 2,000, na ulisema mfuko wa kilo 25 kwenye duka la jumla ni 45,000. Hizo kilo 25 kwa Mangi zinakugharimu 50,000. Kwa hiyo ongeza 3,000 kwenye hii 42,000, lete mfuko, na kila siku tano umeokoa 5,000, yaani buku kila siku bila kuuza chapati hata moja zaidi. Kwa mwezi ni kama 26,000. Na utakuwa umetoka kwenye daftari la Mangi, mlipe 18,000 yake leo leo usimpitishe. Halafu ile 10,000 ya unga unayotenga kila jioni iendelee kutengwa vile vile, siku ya tano ndo inanunua mfuko mwingine, ukiila umerudi kwa Mangi.

Mfuko usiulaze chini sakafuni, weka juu ya mbao, na unga uhamishie kwenye ndoo yenye mfuniko, panya na unyevu wa Mbagala unaujua. Kuna jambo lingine, unga ukiwa mwingi ndani unaliwa, leo maandazi ya watoto, kesho jirani anaomba kikombe. Kilo 25 zikupe siku tano kamili. Zikiisha siku ya nne na nusu, kuna mkono umeingia.

Kuongeza kukanda ni swali la wateja. Andika kila siku saa ambayo chapati ya mwisho imeondoka, na wangapi wamekuja wakaambiwa zimeisha. Zikiisha saa mbili asubuhi na watu bado wanauliza, wiki moja kanda kilo sita. Kilo ya ziada inakugharimu 3,800, kwa hiyo kati ya zile 12 lazima uuze nane ndo irudishe hela yake, na nne za mwisho ndo faida. Kama unauza sita tu na zingine wanakula nyumbani, rudi kilo tano haraka. Na kama saivi unakaa mpaka saa nne na bado ziko kwenye hotipoti, basi usiongeze kabisa hata ukiwa na hela.

Mwezi ujao mgawo hautakuwa hivi. Siku tatu za akiba zitakuwa zimeshatimia, labda tutaivuta ifike siku sita, au tutaanza godoro, itategemea na hizo saa. Nipigie Jumamosi jioni ukiwa na daftari mkononi, unisomee kwanza saa ya chapati ya mwisho, siku kwa siku, halafu ndo uniambie kwenye kopo kuna ngapi.

Wasalimie wajukuu zangu na baba yao.

Mama yako